Namba za mgongoni mwa rimu: kusoma upana na ofseti, na kujua tairi gani litakaa salama

Watu wengi wakiletewa rimu nyingine huuliza mambo mawili tu: ina nati ngapi, na ni ya inchi 15 au 16. Zikiingia kwenye nati, biashara imekwisha. Lakini rimu inaweza kuingia kwenye nati bila tatizo lolote, gari likatoka gereji vizuri, kisha siku ya kwanza likibeba abiria watano tairi la nyuma likaanza kula madigadi. Au lisikwaruze popote, ila matairi yakaisha katikati huku kingo zikiwa bado nzima, na mwenye gari akabaki anamlaumu mtu aliyejaza upepo. Chanzo cha yote mawili kimeandikwa kwenye rimu yenyewe, katika namba mbili ambazo hazisomwi: upana na ofseti.

Mwongozo huu ni wa magari madogo ya abiria. Nitautembeza na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: gari lililotoka kiwandani na rimu 6Jx15 ET45 na matairi 195/65R15, ambalo mwenyewe anataka kulivalisha rimu zilizotumika zenye maandishi 7Jx16 ET38, na matairi 205/55R16.

Kwanza, tafuta maandishi

Kwenye rimu za aloi, igeuze uangalie mgongo wa spoki, au ile sehemu ya katikati inayokutana na habu. Herufi huwa zimetoka juu kidogo, na mara nyingi zimefunikwa na unga mweusi wa breki, kwa hiyo brashi ya waya laini na maji ya sabuni vitakusaidia kuliko tochi. Kwenye rimu za chuma, maandishi hugongwa karibu na tundu la kujazia upepo au katikati ya matundu ya nati, na huwa membamba. Pakaa chaki, kisha futa juu juu. Namba zitabaki nyeupe.

Utakachokiona kinafanana na hiki:

```
6 1/2J x 16 H2  ET45
```

Viwanda vingine hugeuza mpangilio na kuandika `16x6.5J`, au `16x6½JJ 45`. Usitishike. Namba kubwa, yaani 13, 14, 15, 16 na kuendelea, ni kipenyo. Ndogo, kati ya 4 na 10 hivi kwa magari madogo, ni upana kwa inchi, nayo hupanda kwa nusu nusu. Herufi J ni umbo la mdomo wa rimu pale tairi linapoegemea. JJ ni ndugu yake wa karibu sana, na kwa kuchagua upana wa tairi la gari dogo tofauti hiyo haitakusumbua. H2 inamaanisha kuna vijituta viwili ndani ya rimu, kimoja kila upande, vinavyozuia tairi lisiteleze kuelekea katikati upepo ukipungua kwenye kona.

ET ndiyo ofseti, kwa milimita. Kifupisho hicho kimetoka katika Kijerumani. Kwenye rimu nyingine utakuta `+45`, `IS45`, au 45 tupu. Usiichanganye na namba ya uzito wa juu, ambayo huambatana na kg, wala na 100 au 114.3, ambayo ni kipenyo cha duara la matundu ya nati. Duara hilo na tundu la katikati ni lazima vilingane na gari lako. Siyaendelezi hapa, kwa sababu makosa yake yanajionyesha mapema: rimu inakataa kuingia, au inaingia na kucheza.

Upana hupimwa wapi

Hapa ndipo watu wenye futi mkononi hupotea. 6J haimaanishi inchi 6 kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Ni inchi 6 kati ya kuta mbili za ndani, pale kingo za tairi zinapobana. Ukiilaza rimu ya 6J na kupima nje kwa nje, utapata kama inchi 7, kwa sababu midomo yote miwili ina unene wake. Mtu akipima hivyo, huuza 6J kwa jina la 7J bila hata kukusudia kudanganya. Kama maandishi yamefutika kabisa, vua tairi upime ndani kwa ndani. Ikiwa tairi haliwezi kuvuliwa, pima nje kwa nje na uondoe milimita 25 hivi, ukijua kwamba hilo ni kadirio, kisha ulisogeze hadi kwenye nusu inchi iliyo karibu.

Tairi gani kwa upana gani

Namba ya kwanza kwenye tairi, kama 195, ni upana wake kwa milimita, lakini si upana wa uso unaokanyaga barabara. Ni upana wa tumbo, kutoka ubavu hadi ubavu, tairi likiwa limejazwa upepo. Na tumbo hilo hubadilika kufuatana na rimu. Kanuni inayotumika kwenye vitabu vya vipimo ni rahisi kuikumbuka: kila rimu ikiongezeka nusu inchi, tairi lilelile hutanuka kama milimita 5, ikipungua nusu inchi, hujibana kwa kiasi hichohicho.

Ndiyo maana kila saizi ya tairi ina rimu ya kupimia, ambayo ndiyo iliyotumika kuandika vipimo vyake, pamoja na upana mdogo na mkubwa unaoruhusiwa. Mipaka hiyo hutolewa na mashirika ya viwango kama ETRTO la Ulaya na JATMA la Japani, na watengenezaji huichapisha kwenye majedwali yao ya kiufundi, kila saizi na mstari wake. Hizi ni saizi chache zinazoonekana sana:

175/65R14: rimu ya kupimia 5.0, huruhusiwa 5.0 hadi 6.0
185/65R15: rimu ya kupimia 5.5, huruhusiwa 5.0 hadi 6.5
195/65R15: rimu ya kupimia 6.0, huruhusiwa 5.5 hadi 7.0
205/55R16: rimu ya kupimia 6.5, huruhusiwa 5.5 hadi 7.5
225/60R16: rimu ya kupimia 6.5, huruhusiwa 6.0 hadi 8.0
225/45R17: rimu ya kupimia 7.5, huruhusiwa 7.0 hadi 8.5

Tazama mistari miwili ya mwisho. Matairi yote mawili yana upana wa 225, lakini lile la 60 linakubali rimu ya inchi 6, na lile la 45 halikubali kitu chini ya 7. Sababu ni ubavu: namba hiyo ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana wa tairi. Ubavu mrefu unaweza kupinda na kuvumilia rimu nyembamba. Ubavu mfupi hauna nafasi ya kupinda, hivyo unahitaji rimu iliyo karibu na upana wa tairi lenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba 225 inaingia kwenye rimu ya 6.5, jibu lako la kwanza liwe kumuuliza namba inayofuata.

Mipaka hii haikuwekwa kwa ajili ya uzuri. Tairi pana likifungwa kwenye rimu nyembamba, kingo zake huvutwa zikakaribiana na mbavu zikatuna nje kama puto. Uso wake nao huinuka katikati, kwa hiyo katikati ndiko kunakobeba gari na ndiko kunakoisha. Mbavu zinapinda kupita kiasi kila gurudumu linapozunguka, na kupinda huko ni joto. Dereva husikia usukani umelegea: anakata kona, gari linachelewa kidogo kufuata, kisha linayumba.

Tairi jembamba kwenye rimu pana lina hatari nyingine. Mbavu zimevutwa nje kama ngozi ya ngoma, na mdomo wa rimu umetokeza kuliko mpira, hivyo shimo la barabarani au ukingo wa njia hugonga aloi moja kwa moja. Kubwa kuliko hayo, ukingo wa tairi unashikilia rimu ukiwa tayari umevutwa kando. Upepo ukipungua na ukaingia kona kwa kasi, unaweza kuchomoka kwenye kikao chake na upepo wote ukatoka kwa mara moja. Wapo wanaopenda mwonekano wa tairi lililovutwa. Mimi nikiliona kwenye gari linalobeba familia, namwambia mwenyewe waziwazi alivue.

Namna ya kutambua bila jedwali: simama mbele ya gurudumu, tazama ubavu ukilinganisha na mdomo wa rimu. Kwenye tairi lililokaa vizuri, ubavu unatoka nje kidogo kupita mdomo kisha unapanda karibu wima. Ukiona umeinama kuelekea ndani toka kwenye mdomo, rimu ni pana mno. Ukiona umetuna sana na mdomo umezama ndani ya mpira, ni nyembamba mno. Kuisha katikati peke yake hakutoshi kuhukumu, kwa kuwa upepo uliozidi huleta alama hiyohiyo. Weka upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, endesha wiki kadhaa, upime tena kina cha kashata. Katikati ikiendelea kuisha, basi shuku upana.

Katika mfano wetu, 205/55R16 kwenye 7J imo ndani ya mipaka. Kama tungeishia hapa, rimu zingenunuliwa.

Ofseti, na kwa nini haitenganishwi na upana

Chukua rimu, ikate kwa mawazo katikati ya upana wake. Ofseti ni umbali kutoka mstari huo wa katikati hadi kwenye uso unaobana habu. Uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari, kama ilivyo kwenye magari madogo mengi, ofseti ni chanya. Ukiwa juu ya mstari kabisa ni 0, na ukiwa upande wa ndani ni hasi. Hivyo ET kubwa huingiza gurudumu ndani ya gari, na ET ndogo hulitoa nje. Ni kinyume cha watu wengi wanavyodhani.

Kama namba ya ET haisomeki, unaweza kuipata. Laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu iliyonyooka juu ya ukingo wake wa nyuma, kisha pima kwenda chini hadi uso unaobana habu. Pima pia upana wa nje kwa nje, huu wa sasa ukiwa ndio unaotakiwa. Halafu:

```
ET = kina - (upana wa nje kwa nje / 2)
```

Kina kikiwa milimita 134 na upana wa nje kwa nje 178, nusu yake ni 89, na ET ni 45. Kosa la milimita moja au mbili ni la kawaida kwa rula.

Ofseti peke yake haikuambii tairi litafika wapi, kwa sababu rimu pana huongezeka pande zote mbili. Inchi moja ya ziada, ET ikibaki ileile, ni milimita 12.7 ndani na 12.7 nje. Na kinachogusa gari ni tumbo la tairi mara nyingi zaidi kuliko mdomo wa rimu. Kwa hiyo mimi hupiga hesabu kwa upana wa tumbo, namna hii:

```
nje   = tumbo/2 - ET
ndani = tumbo/2 + ET
```

Zote mbili zinahesabiwa kutoka kwenye uso wa habu, ambao hausogei ukibadilisha rimu. Hilo ndilo linaloufanya ulinganisho uwe wa haki.

Tupige hesabu ya gari letu

Tairi la zamani, 195/65R15 kwenye 6J, lina tumbo la 201. Usishangae kwamba si 195 kamili. Ndivyo kiwango chenyewe kinavyosema kwa rimu yake ya kupimia. Nusu yake ni 100.5. Nje: 100.5 kutoa 45 ni 55.5. Ndani: 100.5 kujumlisha 45 ni 145.5.

Tairi jipya, 205/55R16, lina tumbo la 214 kwenye rimu ya 6.5. Sisi tunaliweka kwenye 7J, tunaongeza 5, linakuwa 219. Nusu ni 109.5. Nje: 109.5 kutoa 38 ni 71.5. Ndani: 109.5 kujumlisha 38 ni 147.5.

Linganisha sasa. Upande wa ndani tairi limesogea milimita 2 tu, hakuna wa kulalamika. Upande wa nje limetoka milimita 16. Kipenyo hakina shida: la zamani ni milimita 634.5 na jipya ni 631.9, tofauti isiyofika hata nusu ya asilimia. Shida yote iko nje, na mtu aliyetazama upana pekee asingeiona.

Je, hizo milimita 16 zina nafasi? Hilo linajibiwa na gari lenyewe. Liegeshe mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka na gari limesimama kwa miguu yake, si juu ya jeki. Ning'iniza timazi kutoka ukingo wa madigadi, juu kabisa ya katikati ya gurudumu. Uzi wenye nati mwishoni unatosha. Pima kutoka kwenye uzi hadi sehemu ya tairi iliyotokeza zaidi karibu na juu. Tuseme mbele umepata 25 na nyuma 22. Upande wa ndani, kunja vipande vya kadibodi uvipachike kati ya tairi na shokapu au springi mpaka vibane, kisha vitoe upime unene. Tuseme umepata 20.

Nyuma, 22 kutoa 16 ni 6. Mwenye rimu atakuambia kwamba tairi bado liko ndani ya bodi, na kweli liko. Lakini gari hilo limesimama tupu. Likibebeshwa mzigo na kuruka tuta, gurudumu la nyuma hupanda sentimita kadhaa ndani ya madigadi, na ukingo wa madigadi wenyewe mara nyingi umekunjwa kuelekea ndani. Milimita 6 zinaliwa na mkunjo huo. Kabla ya kufika huko, matairi ya mbele nayo yatarusha matope ubavuni mwa gari, na kutoka nje milimita 16 huongeza mzigo kwenye beringi za habu na kubadilisha namna usukani unavyovutwa barabara ikiwa na makorongo upande mmoja. Rimu hizi ningezikataa.

Wala dawa si kulikunja madigadi. Dawa ni kutafuta namba sahihi. Tukiweka 7J ET45 badala ya ET38, nje inakuwa 64.5, yaani milimita 9 zaidi ya zamani, na ndani 154.5, nayo ni 9 zaidi. Nyuma panabaki 13, ndani panabaki 11. Inafaa. Tukichukua 6.5J ET45, ambayo ndiyo rimu ya kupimia ya tairi hili, tumbo ni 214, nusu 107: nje 62, ndani 152. Tairi limesogea milimita 6.5 tu kila upande. Hii ndiyo ningeifunga, na tairi litakaa jinsi lilivyochorwa kukaa.

Kuna anayejaribu njia ya mkato kwa kununua rimu zenye ET kubwa kisha kuweka spesa. Spesa ya milimita 5 hupunguza ET kwa 5, hesabu ni hiyohiyo. Hatari yake iko kwenye nyuzi za bolti: nati inashika nyuzi chache zaidi kwa unene uleule wa spesa. Hesabu mizunguko ambayo nati inaingia bila spesa, kisha ukiwa nayo. Kama imepungua sana, achana nayo.

Kabla ya kufunga, na baada

Soma namba ya uzito kwenye ubavu wa tairi jipya. 195/65R15 ya kawaida ina 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi, na 205/55R16 ya kawaida ina 91 vilevile. Jipya lisiwe chini ya la zamani. Hakikisha pia rimu ya mbele imepita kalipa ya breki: ifunge mkono mtupu, bila tairi kama inawezekana, uizungushe. Spoki nyingine zimenyooka kiasi cha kugusa kalipa hata ET ikiwa sahihi, na hilo halimo kwenye hesabu yoyote.

Ukishafunga, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa chini, na mtu atazame nyuma ya tairi kwenye plastiki ya ndani ya madigadi. Kisha pakia watu wanne, pita taratibu juu ya tuta, ukate kona polepole mahali penye nafasi. Rudi uangalie kwa tochi: mpira uliogusa unaacha mstari mweusi unaong'aa kwenye plastiki, au mstari safi usio na vumbi kwenye ubavu wa tairi. Ukiona hivyo, usiendelee kuendesha ukitumaini litajichonga lenyewe.

Rudia kukaza nati kwa kipimo cha gari baada ya kilomita 50 hadi 100, gurudumu likiwa limepoa. Halafu andika ET na upana wa rimu ulizofunga kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi ya gari, maana ukishafunga gurudumu maandishi yale yanageukia ndani, na fundi atakayekuja kukuuzia matairi hatayaona.